Pampu Ikiwaka, Mji Unafifia

Katika miji mingi midogo inayopata umeme kutoka kwenye laini moja ndefu, watu hujua kwamba maji yameanza kusukumwa kabla hata ya kufungua bomba. Taa hufifia kwa sekunde kadhaa, mashine ya kusaga hupunguza mwendo, friji ya duka hukoroma, kisha mambo hurudi kama yalivyokuwa. Kule kwenye chanzo cha maji, fundi amebonyeza kitufe cha kijani na mota kubwa imeanza kuzunguka.

Mota ya fezi tatu ikiwa kwenye kasi yake, rota huufuata uga wa sumaku wa koili kwa karibu sana, na mkondo unaoingia ni ule unaohitajika kwa kazi tu. Ikiwa imesimama, uga huo huikata rota kwa kasi yote na kuzalisha ndani yake mkondo mkubwa. Matokeo yake ni kwamba mota huvuta kutoka kwenye laini mara 6 hadi 8 ya mkondo wake wa kawaida. Wengi hudhani kwamba mkondo huo hupungua taratibu kadiri kasi inavyopanda. Sivyo. Hubaki juu karibu safari nzima, na huanguka pale tu rota inapokaribia kasi yake kamili. Katika asilimia 90 ya kasi, mota ya kawaida bado huvuta kiasi cha mara 5. Anayenunua kifaa cha kuwashia mota ya pampu bila kulijua hilo atanunua kwa kubahatisha.

Vifaa vinavyoshindania kazi hiyo ni vitatu. Kipo cha sta-delta, kilichozoeleka kuliko vyote, chenye kontakta tatu na taima. Kipo kiwashi laini, ambacho mafundi hukiita softistata, kinachopandisha volti kidogo kidogo kwa kutumia thairista. Na ipo draivu, inayobadili masafa ya umeme na hivyo kuitawala kasi ya mota tangu sifuri. Muuzaji wa kila kimoja atasema chake ndicho kinachopunguza mkondo wa kuwashia, na hatakuwa amesema uongo. Lakini swali la mwenye pampu ni pana zaidi: laini inaruhusu ampea ngapi, na je, kwa ampea hizo pampu itafika kwenye kasi yake au itakwama njiani?

Tuchukue kituo cha mfano, cha aina inayopatikana sehemu nyingi za bara. Pampu inavuta maji mtoni na kuyapandisha hadi tangi lililo kilimani, mita 70 juu. Mota yake mpya ni ya kilowati 132, volti 400, mizunguko 1,480 kwa dakika. Mkondo wake wa kawaida ni ampea 230, na orodha ya mtengenezaji inasema mkondo wa kuwashia ni mara 7, yaani ampea 1,610. Transfoma ni ya kVA 500, mwishoni mwa laini ya kilovolti 33 inayokaribia kilomita 100, na laini hiyohiyo ndiyo inayoupa mji umeme. Shirika la umeme limekubali kuunganisha mota kwa sharti moja: inapowashwa, volti ya laini isishuke zaidi ya asilimia 3. Kiasi hicho si cha ajabu. Mwongozo wa Uingereza uitwao P28 hutumia asilimia 3 hiyohiyo kama mpaka wa jumla.

Asilimia 3 ni ampea ngapi? Njia ya vitabuni ni kuliomba shirika la umeme kiwango cha mkondo wa hitilafu mahali hapo. Ipo njia nyingine, na inafaa sana pale ambapo majibu ya barua huchelewa. Kituo kina mota ya zamani ya kilowati 30 inayowashwa moja kwa moja. Mota hiyo huvuta kama ampea 385 inapoanza. Fundi anaunganisha kifaa kinachorekodi volti kila baada ya milisekunde chache, kwa sababu mita ya kawaida ya mkononi ni nzito mno kuona tukio fupi hivyo, kisha anaiwasha. Volti inashuka kutoka 400 hadi 386. Zimepotea 14.

Sehemu ya volti hizo imepotea ndani ya transfoma yenyewe, na hiyo haiwahusu majirani. Kibati cha transfoma kinaonyesha asilimia 4, maana yake ikibeba mkondo wake kamili wa ampea 722 itapoteza volti 16. Kwa ampea 385 itapoteza 8.5 hivi. Zinazobaki, kama volti 5.5, zimepotea kwenye laini ndefu ya kilovolti 33, na ndizo zinazozifanya taa za mji zififie. Ikiwa ampea 385 zinaila laini volti 5.5, basi asilimia 3, ambayo ni volti 12 upande wa 400, italiwa na ampea 840 hadi 860. Kwa mota ya ampea 230, hiyo ni mara 3.7. Hesabu yote haijazidi kuzidisha na kugawanya, na sasa kituo kina namba ya kumwekea muuzaji mezani.

Kuwasha moja kwa moja kumeshakataliwa. Ampea 1,610 zingekuwa karibu mara mbili ya kiwango. Na hata kama shirika la umeme lingefumba macho, kituo chenyewe kingeumia. Volti kwenye paneli zingeshuka zaidi ya 50, na jioni, wakati laini tayari iko 380, zingebaki kama 330. Kontakta zinatengenezwa kwa uhakika wa kufunga zikiwa na asilimia 85 ya volti yake, ambayo hapa ni 340. Chini ya hapo huanza kutetema, kulia kama nyuki, na kuunguza ncha zake. Fundi anayebadilisha kontakta moja kila baada ya miezi michache, naye anailaumu chapa ya kontakta, angefanya vyema kupima volti wakati wa kuwasha.

Sta-delta inaonekana kuwa jibu rahisi. Mwanzoni koili tatu huunganishwa kwa sta, kila moja ikipata volti 230 badala ya 400, na mkondo wa laini huwa theluthi moja: ampea 537. Hiyo iko chini kabisa ya kiwango. Baada ya sekunde kadhaa taima huamuru delta, na mota hupata volti kamili. Inahitaji mota yenye ncha sita ambayo kibati chake kimeandikwa 400/690. Ile ya 230/400 haifai kwa umeme huu, na kosa hilo bado hutokea.

Shida ni kwamba theluthi inakatwa pande zote mbili. Nguvu ya kuzungusha nayo huwa theluthi. Feni au mashine isiyo na mzigo huvumilia, lakini pampu ina tabia yake. Maji ya tangi yanasukuma kurudi, na vali ya kuzuia maji yasirudi imefungwa. Pampu yetu ina uwezo wa kuinua maji mita 110 ikiwa na kasi kamili na hakuna kinachotoka. Kwa hiyo kushinda mita 70 za kilima inahitaji kufika kama asilimia 80 ya kasi. Hadi hapo inazungusha maji yaleyale ndani ya tumbo lake, na mzigo ni mwepesi. Kila kitu kinaonekana salama. Kisha vali inafunguka, maji yanaanza kupanda, na mzigo unaruka ghafla. Katika asilimia 90 ya kasi pampu inadai kama theluthi mbili ya nguvu ya kawaida ya mota. Sta, ikiwa na volti zilizoshuka jioni, haina zaidi ya hapo cha kutoa. Mota inaacha kuongeza kasi. Inanguruma palepale, ikisubiri taima.

Taima inapohamia delta, mota iko asilimia 90, na tumeshaona kwamba hapo volti kamili humaanisha mkondo wa mara 5: ampea 1,150. Kiwango cha 860 kimepitwa, na mji unafifia kama zamani, tofauti yake ni kwamba umechelewa kwa sekunde nane.

Kuna jambo jingine baya zaidi, na halionekani kwa macho. Kati ya kufungua sta na kufunga delta, kuna mwanya wa sehemu ndogo ya sekunde ambapo mota haina umeme. Sumaku iliyobaki kwenye rota inaendelea kuzalisha volti kwenye koili. Pampu ina uzito mdogo unaozunguka, na maji huibana mara moja, kwa hiyo kasi inaanguka na volti hizo zinapishana na za laini. Delta ikifunga wakati volti hizo mbili zinapingana, mkondo hupiga kilele ambacho kwa kitambo kifupi kinaweza kuzidi hata kile cha kuwasha moja kwa moja. Dalili zake fundi huzijua: breka inayoanguka siku nyingine na siku nyingine haianguki, mlio wa kishindo kwenye kapilingi wakati wa kubadili, ncha za kontakta ya delta zilizoungua kuliko za sta. Hitilafu inayokuja na kuondoka bila utaratibu ni kwa sababu kila safari volti hukutana mahali tofauti.

Kwa pampu za kuzama ndani ya visima virefu hali ni mbaya zaidi, maana rota zake ni nyembamba na husimama karibu papo hapo. Mwanya wa sta-delta unaweza kuikuta pampu imeshapoteza sehemu kubwa ya kasi yake. Hapo sta-delta ni pesa iliyotupwa.

Haki itendeke, kifaa hiki kina mahali pake. Ikiwa pampu inawashwa na vali ya kutolea imefungwa kwa mkono, na ni aina ambayo mzigo wake huwa chini ya nusu vali ikiwa imefungwa, sta inaweza kuifikisha asilimia 97 ya kasi, na mruko wa delta unakuwa mdogo. Lakini hilo linategemea mhudumu kufunga vali kila mara, usiku na mchana, mvua na jua.

Kiwashi laini kinashika njia tofauti. Ndani yake, kila fezi ina jozi ya thairista zinazokata wimbi la umeme na kupitisha kipande tu. Mafundi wenye uzoefu hupenda kukikosoa kwa hoja moja ya kweli: mota ikiwa imesimama, kwa kila ampea inayotoka kwenye laini, kiwashi laini kinatoa nguvu kidogo kuliko sta-delta. Mkondo ukipunguzwa hadi theluthi kwa thairista, nguvu hushuka hadi sehemu moja ya tisa, kwa sababu nguvu hufuata mraba wa volti. Kwa hesabu hiyo kilipaswa kushindwa.

Kinachokiokoa ni kwamba hakikwami kwenye volti moja. Sta imefungwa kwenye asilimia 58 tangu mwanzo hadi taima iamue. Kiwashi laini kinaambiwa, kwa mfano, usizidi mara 3.5, yaani ampea 805. Mota ikiwa imesimama, hiyo ni nusu ya volti, na nguvu ni kama nusu ya ile ya kawaida. Inatosha kabisa kuiamsha pampu. Kasi inapopanda na mota yenyewe inaanza kuvuta kidogo, kifaa kinaruhusu volti zaidi bila kuzidi ampea zilezile. Katika asilimia 90 ya kasi, pale sta ilipokwama, volti imeshafika kama asilimia 70, na mota ina nguvu inayopita hata ile ya kawaida. Pampu inavuka mahali pagumu bila kusita. Hakuna mwanya, hakuna kilele. Volti za laini zimeshuka kwa asilimia 2.8, na sharti la shirika la umeme limetimia. Kasi ikikamilika, kontakta ya pembeni inafunga, na thairista zinapumzika bila kupata joto.

Kosa moja la ufungaji linastahili kutajwa kwa sababu huua kifaa siku ya kwanza. Vituo vingi vina makopo ya kapasita kwa ajili ya kupunguza tozo ya umeme usio wa kazi, na mara nyingi yameunganishwa moja kwa moja kwenye ncha za mota. Yakiachwa hapo baada ya kuweka kiwashi laini, thairista zinapofungua hukutana na kapasita tupu na kupitisha mkondo mkali hadi zinapasuka. Kapasita zihamie upande wa laini, na ziingie baada ya mota kufika kasi kamili.

Je, draivu? Kwa upande wa mkondo wa kuwashia haina mshindani. Inaanza na masafa ya chini, rota inaufuata uga tangu hatua ya kwanza, na ule mkondo mkubwa wa mwanzo hauzaliwi kabisa. Mkondo wa laini hupanda polepole kutoka karibu sifuri hadi ampea 230 au pungufu. Taa za mji hazitikisiki.

Gharama yake, kwa mota ya ukubwa huu, kwa kawaida ni mara mbili hadi tatu ya kiwashi laini, na si bei pekee. Inapoteza asilimia 2 hadi 3 ya umeme kama joto muda wote wa kazi, kwa hiyo chumba kinahitaji hewa safi isiyo na vumbi. Juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi haipozi vizuri, na watengenezaji wengi hupunguza uwezo wa kifaa kwa asilimia 1 kwa kila mita 100. Mbeya, kwenye takriban mita 1,700, draivu inayosomeka inatosha kwenye karatasi imeshapungukiwa asilimia 7. Halafu yapo mawimbi ya ziada: draivu ya kawaida huvuta umeme kwa vipande, na kurudisha kwenye laini mitetemo ya masafa ya 250 na 350 kwa sekunde. Kwenye laini dhaifu mitetemo hiyo huonekana zaidi, na kapasita za kituo zinaweza kuikuza hadi makopo yake yavimbe. Mota ya zamani yenye kebo ndefu huhitaji kichujio cha kulinda koili.

Wauzaji hujibu kwamba draivu itajilipa kwa umeme inaookoa. Hapo msomaji awe macho. Ni kweli kwamba pampu ikipunguzwa kasi kwa asilimia 20, kwenye mfumo wa maji yanayozunguka tambarare, umeme unaweza kushuka hadi karibu nusu. Lakini pampu yetu inapandisha maji kilimani. Ikishuka chini ya asilimia 80 ya kasi haitoi hata tone moja, na inaendelea kula umeme. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kushinda mita 70, na mita hizo hazipungui kwa kupunguza kasi. Tangi likihitaji maji kidogo, ni afadhali kuizima pampu saa mbili mapema. Draivu hujilipa pale inapotakiwa kushika presha moja kwenye mtandao ambao matumizi yake hubadilika saa hadi saa, bila tangi katikati.

Jambo linalosahaulika katika mijadala hii yote ni kuzima. Mwaka 1898, Nikolai Joukowsky wa Moscow alichapisha matokeo ya majaribio yake kuhusu maji yanayosimamishwa ghafla ndani ya bomba. Kwa hesabu yake, maji yanayokwenda mita 1.5 kwa sekunde kwenye bomba la chuma yakisimama kwa ghafla huzalisha presha ya ziada inayokaribia mita 170 za maji, yaani zaidi ya mara mbili ya kilima chetu. Sta-delta huzima kwa kukata tu. Kiwashi laini kizuri kina mpango wa kuzima pampu taratibu, na draivu hufanya hivyo kwa ustadi zaidi. Hata hivyo umeme wa laini ukikatika, vyote vitatu ni sawa, maana hakuna umeme wa kuzimia taratibu. Kituo kilicho kwenye laini yenye kukatikakatika kinahitaji tangi la hewa la kupokea pigo la maji, kifaa chochote kilichoko kwenye paneli. Mradi unaofuta tangi hilo ili kupata fedha za draivu umeuza kinga halisi kwa kinga ya siku njema.

Kwa kituo hiki, basi, kiwashi laini kilichowekwa mara 3.5 kinatosha. Hukumu hiyo inageuka kwa mambo mawili. La kwanza ni kiwango chenyewe. Kama shirika la umeme lingeruhusu asilimia 2 tu, ampea zingekuwa kama 570, mara 2.5. Kiwashi laini kikibanwa hapo, katika asilimia 90 ya kasi kingetoa nguvu pungufu kidogo ya ile inayodaiwa na pampu; mota ingekwama ikinguruma hadi kinga ya joto iizime, na fundi angejaribu tena na tena hadi koili ziungue. Chini ya mara 3 hivi, kwa pampu ya namna hii, draivu ndiyo njia.

La pili ni jenereta. Mota hii ikifanya kazi inahitaji kama kVA 160, lakini kuiwasha kwa kiwashi laini kunadai karibu 560 kwa sekunde kadhaa. Jenereta ya kVA 250, ambayo ingetosha ikiwa na draivu, ingezama. Ingehitajika ya kVA 400 hivi, na tofauti ya bei na dizeli kati ya majenereta hayo mawili inaweza kulipa sehemu nzuri ya draivu. Kituo kinachokusudia kusukuma maji kwa jenereta kila umeme unapokatika kifanye hesabu hiyo kabla ya kununua chochote.

Anayeandaa zabuni ya kituo kama hiki aombe karatasi tatu kabla ya kutaja jina la kifaa: mchoro wa mtengenezaji wa mota unaoonyesha mkondo na nguvu kwa kila kasi, mchoro wa mzigo wa pampu ikiwa inasukuma kilima chenyewe, na kipimo cha mshuko wa volti kilichochukuliwa jioni, wakati laini imechoka. Muuzaji ambaye hawezi kuiweka michoro miwili ya kwanza juu ya karatasi moja na kuonyesha kwamba mistari yake haigusani kabla ya kasi kamili, asipewe kazi hiyo.